Somo: Kusoma LAYOVER, TRANSIT na ETA kwenye tiketi ya ndege

Wakuu, somo hili ni la anayesafiri nje kwa mara ya kwanza, ameshika tiketi mkononi na haelewi mle ndani kumeandikwa nini. Nitatumia tiketi moja ya mfano, kutoka Johannesburg kwenda London kupitia Dubai, na tutaisoma mstari kwa mstari.

```
12 MAR  JNB 19:05 - DXB 05:15 +1
        LAYOVER 2h 45m  DXB
13 MAR  DXB 08:00 - LHR 11:30
```

Hatua ya 1: elewa saa ni za wapi

Herufi tatu tatu ni viwanja: JNB ni Johannesburg, DXB ni Dubai, LHR ni Heathrow ya London. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya pale ulipo uwanja huo. Hapa ndipo wengi wanapopiga hesabu vibaya. Ukitoa 19:05 kwenye 05:15 utapata saa kumi na dakika kumi, lakini Dubai iko mbele ya Johannesburg kwa saa mbili, kwa hiyo angani utakaa saa nane na dakika kumi tu. Kipande cha pili ni kinyume chake. Kutoka 08:00 hadi 11:30 kunaonekana ni saa tatu na nusu, kumbe mwezi Machi tarehe hiyo London iko nyuma ya Dubai kwa saa nne, na safari yenyewe ni saa saba na nusu.

Ile +1 maana yake unafika siku inayofuata. Ukiondoka tarehe 12 saa moja usiku, unatua Dubai alfajiri ya tarehe 13.

Hatua ya 2: LAYOVER

Huu ni muda wa kusubiri kati ya ndege moja na nyingine. Kwetu hapa ni saa mbili na dakika arobaini na tano. Kwa safari za kimataifa, kusubiri kukizidi saa 24 huitwa STOPOVER, na hapo unahesabiwa kuwa umekatisha safari.

Muda huo usiuchukulie kama wa kupumzika wote. Huanza kuhesabiwa tangu ndege inapotakiwa kufika, na huishia pale ndege ya pili inapotakiwa kuondoka. Katikati hapo, toa dakika ishirini au thelathini za kusubiri walio mbele yako washuke. Toa foleni ya ukaguzi wa mizigo ya mkononi, maana viwanja vingi hukukagua upya. Toa mwendo wa kutoka jengo moja hadi jingine, ambao kwenye uwanja mkubwa unaweza kuhitaji treni. Mwisho toa dakika ishirini hivi, kwa sababu geti hufungwa kabla ya ndege kuondoka. Ndege ya 08:00 usiifikie getini saa mbili kamili; utaikuta bado imesimama pale nje ya kioo na mlango umefungwa. Kwa hiyo kwenye saa mbili na dakika arobaini na tano, zilizo zako kweli ni kama saa moja na kidogo. Zinatosha, ila si za kulala kwenye kiti.

Ukishuka, kitu cha kwanza ni kutazama skrini ya safari zinazoondoka. Tafuta namba ya ndege yako, usitafute jina la mji peke yake, kwani ndege kadhaa zinaweza kwenda mji mmoja asubuhi hiyohiyo. Geti lililochapwa kwenye boding pasi linaweza kuwa limebadilika, amini skrini.

Hatua ya 3: TRANSIT

TRANSIT ni kupita kwenye nchi bila kuingia. Unafuata kibao chenye neno hilo, au CONNECTIONS, au TRANSFERS, na hufiki kwa maofisa wa uhamiaji. Ukijikuta kwenye foleni ya kugongewa muhuri wa pasipoti, simama uulize, huenda umefuata umati wa wanaoishia hapo.

Mambo mawili yanaamua kama transit yako itakuwa nyepesi. La kwanza ni begi. Siku ya kuondoka, kaunta itakapolifunga lebo, soma herufi tatu zilizochapwa kwa maandishi makubwa. Zikiwa LHR, begi linakwenda moja kwa moja na hutaligusa Dubai. Zikiwa DXB, mwambie mhudumu hapohapo kabla begi halijaondoka kwenye mkanda.

La pili ni nchi unayopitia. Marekani, kwa kawaida, hata anayeunganisha kwenda nchi nyingine hupita uhamiaji na kuchukua begi lake, kwa hiyo lazima awe na viza au kibali. Baadhi ya nchi za Ulaya nazo hudai viza ya transit kwa pasipoti za nchi fulani, hata kama hutoki nje ya uwanja. Ulizia kabla ya kulipia tiketi, kwa sababu shirika la ndege litakuzuia palepale unapoanzia.

Hatua ya 4: ETA

Ni saa ambayo ndege inakadiriwa kufika. Saa ya kwenye tiketi, 11:30, ni ya ratiba. ETA utaikuta kwenye skrini za uwanja na kwenye programu za simu, na hubadilika kadiri ndege inavyochelewa au kuwahi. Anayekuja kukupokea mpe namba ya ndege ili aifuatilie mwenyewe, na umwambie aongeze walau saa moja ya uhamiaji na begi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, tiketi yangu inasema 13 MAR 00:30. Niende uwanjani tarehe 13 usiku?*

Hapana, utakuwa umeachwa karibu siku nzima. 00:30 ni saa sita na nusu usiku, dakika thelathini tu baada ya tarehe 12 kwisha. Uwe uwanjani tarehe 12 jioni.

*Nimenunua tiketi mbili tofauti kwa sababu ni rahisi zaidi. Layover ni saa tatu. Iko salama?*

Mimi nisingethubutu. Zikiwa kwenye namba moja ya buking, ndege ya kwanza ikichelewa shirika linakutafutia nyingine. Zikiwa mbili, la pili litakuhesabu kama abiria ambaye hakutokea. Tena mara nyingi itabidi uchukue begi na kulikabidhi upya, na hapo unaingia nchi, yaani viza. Kama huna budi, acha nusu siku katikati, au ulale hapo.

*Layover yangu ni saa kumi na nne. Naweza kutoka kutembea mjini?*

Kama pasipoti yako inaruhusiwa kuingia nchi hiyo au una viza, ndiyo. Rudi saa tatu kabla, maana unaanza ukaguzi upya.

*Nimeambiwa niombe ETA kabla ya safari na nilipie. Si tayari iko kwenye tiketi, mkuu?*

Hiyo ni nyingine kabisa, dada. Ni kibali cha kuingia nchini kinachoombwa mtandaoni. Uingereza wanacho kwa wageni wasiohitaji viza, na Kenya ilianza kutumia eTA Januari 2024. Iombe kwenye tovuti ya serikali yenyewe, kwa sababu ziko nyingi zinazofanana nayo ambazo hukutoza zaidi, na uhakikishe namba ya pasipoti uliyojaza ndiyo iliyo kwenye pasipoti utakayosafiria.