Somo: Njia ya gari ya pevingi yenye maungio yanayoaminika

Renda nyingi za nje huharibikia chini, kwenye njia ya gari: maungio mapana mno, na kila kitofali pacha wa mwenzake. Tujenge njia ya mita 3 kwa 6 ndani ya Blender, kwa vitofali vya zege vya milimita 200 kwa 100. Vitaingia kama 900.

1. Kitofali. Kichore milimita 197 kwa 97, unene 80, ambao hutumika panapopita magari. Zile 3 zilizopungua ndizo ungio, na mpangilio wote unabaki kwenye gridi ya 200 kwa 100. Kisha kata kingo za juu mshazari kwa `Bevel` ya milimita 5. Hapa ndipo siri ilipo. Kwa mbali jicho halioni ungio la milimita 3, linaona kivuli cha mishazari miwili inayokabiliana, jumla milimita 13. Usipoukata, utajikuta unatanua maungio mpaka njia ifanane na sakafu ya vigae.

2. Mpangilio. Panga kwa mtindo wa mfupa wa samaki, maana vitofali hufungana na havisogei tairi likikata kona. Pembeni weka safu moja iliyonyooka.

3. Mchanga. Tandaza uso mmoja wa mchanga milimita 6 chini ya uso wa vitofali. Ukiulinganisha na juu, kivuli kinakufa.

4. Kutolingana. Inamisha kila kitofali kwa bahati nasibu, nyuzi 0.3 tu. Kwenye urefu wa kitofali hiyo ni milimita 1, lakini mwanga wa jua la jioni utaionyesha.

5. Uchakavu. Fuata gari. Mikondo miwili ya tairi, mita 1.5 kati kwa kati, iwe myeusi kidogo na laini zaidi (`Roughness` 0.7 badala ya 0.85), na izame milimita 3. Ukoga wa kijani uote kwenye maungio ya kando na katikati, si kwenye mikondo. Doa la oili likae pale injini inaposimama, kati ya mikondo.

Maswali ya wanachama

*Nimeunganisha `Random` ya `Object Info` kwenye rangi, lakini vitofali vyote vimetoka rangi moja. Kwa nini?*

Bila shaka umetumia `Array`. Nakala zake zote ni kitu kimoja, kwa hiyo namba ni moja. Tumia `Instance on Points`, na usiweke `Realize Instances` baada yake. Tofauti ya rangi iwe ndogo, kwani vitofali hutoka kiwanda kimoja.

*Nikitaka mawe ya kuchonga je?*

Hapo ungio lenyewe linaonekana, milimita 10 hadi 15, nalo halina upana mmoja. Acha mshazari, uso wa jiwe uvimbe katikati. Chonga mawe kama manane tofauti, uyazungushe. Kwenye mikondo ya tairi ng'arisha vilele tu, mabonde yabaki makavu na yenye mchanga.