Jinsi ya kuomba kibali cha tangi la hewa Lubumbashi bila dosie kurudishwa mara mbili kama yangu

Barua ya maombi, plani yenye sahihi, sertifika ya tole: hivyo unavijua, sipotezi muda navyo. Fika asubuhi, maana mzee wa kupokea dosie akishatoka kula, kurudi kwake ni kwa neema. Kinachorudisha watu nyumbani ni noti ya hesabu, na ndani yake ni herufi moja tu: E.

Tangi letu lilikuwa silinda ya kipenyo cha mita 2 ndani, shinikizo la bari 10, yaani MPa 1. Tole ni SA-516 daraja 70, ambayo kanuni za Kimarekani za matangi ya shinikizo, ASME VIII, Mgawanyo wa 1, zinairuhusu mkazo wa MPa 138. Tukaongeza milimita 1.5 za kuliwa na kutu. Karakana ya Kamalondo ilishanunua tole ya milimita 10 kabla mtu hajashika kalkuleta. Hapo ndipo tulipochomeka.

Fomula ni hizi, ya kwanza ya silinda, ya pili ya tufe; t ni unene, P ni shinikizo, R ni nusu ya kipenyo cha ndani, S ni mkazo unaoruhusiwa, na E inakuja chini:

```
t = P*R / (S*E - 0.6*P)
t = P*R / (2*S*E - 0.2*P)
```

Mkaguzi atakuuliza hiyo 2 imetoka wapi, kwa hiyo ielewe. Pasua silinda kwa urefu, kwa mawazo tu. Hewa inasukuma kwenye eneo la kipenyo mara urefu, na wanaoishika ni kingo mbili za tole, kushoto na kulia. Mkazo unakuwa PR/t. Sasa pasua tufe katikati: hewa inasukuma kwenye duara, lakini kingo ya tole inalizunguka duara lote. Ukigawanya unapata PR/2t, nusu ya ule wa silinda. Ndiyo maana tangi la tufe linatosheka na karibu nusu ya unene.

Silinda nayo ina upande wake wa nafuu: mshono unaoizunguka kiunoni unabeba nusu tu ya mkazo wa ule unaokwenda kwa urefu. Wa urefu ndio unaoamua. Kwenye tufe hakuna mshono wa kupumzika, yote inavutwa sawa.

E ni kiasi gani cha nguvu ya tole unaruhusiwa kuhesabu kwenye mshono. Ukilehemu kitako kwa kitako pande zote mbili na kupiga radio, yaani picha za eksirei, mshono mzima, E ni 1. Ukipiga radio za sehemu sehemu, 0.85. Usipopiga kabisa, 0.70, hata kama fundi wako ndiye anayesifiwa mji mzima. Karatasi haimjui fundi, inajua filamu.

Mimi niliandika E = 1 kwa sababu ilipendeza. Weka R 1001.5, maana kutu ikishakula, tangi linapanuka kwa ndani. Inatoka 7.29, na kutu 8.79. Tole ya 10 inatosha, nikatabasamu. Mama wa biro akafungua dosie: “Papa, filamu ziko wapi?” Hazikuwepo. Kwa E ya 0.70 inahitajika 11.93. Dosie ikarudi.

Tukapiga radio za sehemu, dola zikatoka, nikaandika 0.85. Jibu: 8.58, na kutu 10.08. Tole ni 10. Nilikosa milimita 0.08, na hakuna matabishi ya kunenepesha chuma. Dosie ikarudi tena. Tangi hilo hilo lingekuwa tufe, hata bila filamu lingetaka 6.69 tu, lakini nani Kamalondo atakukunjia tufe?

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya kununua tole, ni kuuliza bei ya radio, ndipo uchague E, ndipo upate unene. Ukishachelewa kama mimi, geuza fomula utafute shinikizo. Unene ni 10 ukitoa 1.5:

```
P = S*E*t / (R + 0.6*t)
P = 138*0.85*8.5 / (1001.5 + 5.1) = 0.99
```

Bari 9.9. Nikampigia mteja kumpa pole, akaniambia kompresa yake inazima kwenye 8. Bari 10 aliiandika kwa sababu ni namba nzima.

Nikabadilisha shinikizo kwenye plani, kwenye noti na kwenye barua. Zote tatu, maana wanazilinganisha. Dosie ikapita. Kilichobaki ni vali ya usalama tuliyoshanunua ikiwa imefungwa kwenye bari 10. Haiwezi kufunguka juu ya shinikizo lililoandikwa kwenye kibao cha tangi, kwa hiyo ikarudi dukani kuwekwa 9.5, na muuzaji akalipisha upya.