Asaimenti zikihesabiwa kwa mediani badala ya wastani, unahitaji ngapi kwenye mtihani?

Semista iliyopita nilibadilisha namna ya kuhesabu asaimenti kwenye somo langu, nikaacha wastani nikaweka mediani, na wiki hiyohiyo kijana mmoja akaja ofisini kanuna kwelikweli. "Tikicha, umenipa sifuri." Nikamwambia lete karatasi yako. Alikuwa ameandika maksi zake vile alivyozipata, 72, 64, 0, 84, 70, afu akachukua ile ya katikati. Katikati kwenye mstari kuna 0 kweli, ile asaimenti ya tatu ambayo hakuleta. Ila mediani haisomwi hivyo, kwa hiyo ngoja tuanze na maksi za huyuhuyu.

Hatua ya 1: panga kwanza

Toka ndogo kwenda kubwa: 0, 64, 70, 72, 84. Sasa ndo uchukue ya katikati, yaani ya tatu, 70. Hiyo ndo mediani yake. Wastani wa kawaida ni 290 gawanya kwa 5, unapata 58. Ona pengo lilivyo, pointi 12 nzima, na limeletwa na asaimenti moja tu, kwa sababu kwenye wastani ile sifuri inawavuta wenzake wote chini wakati kwenye mediani inakaa pembeni inahesabika kama "moja iliyo chini ya katikati" basi, ingekuwa 0 au ingekuwa 60 jibu lingebaki 70 vilevile.

Hatua ya 2: geuza iwe maksi unazohitaji

Kwetu asaimenti zinabeba 40 na mtihani wa mwisho 60. Kijana anataka jumla ya 70. Kwa wastani wa 58 ameshaweka mfukoni 23.2 kati ya 40, zimebaki 46.8 za kutafuta kwenye 60, ambayo ni asilimia 78 ya mtihani. Kwa mediani ya 70 ameshaweka 28, zimebaki 42, yaani asilimia 70.

Kwa hiyo ile sifuri iliyomkasirisha kumbe imesamehewa, na mzigo wa mtihani umepungua kwa pointi 8. Hiyo 8 unaweza kuipata haraka bila kurudia hesabu yote: chukua pengo kati ya mediani na wastani, zidisha kwa 40, gawanya kwa 60. Kama kwenu mgawanyo ni 50 kwa 50 basi pengo linahamia lote kama lilivyo.

Kwenye Excel au Google Sheets, maksi zikiwa B2 mpaka F2, wastani weka G2, mediani H2, afu I2 na J2 ndo asilimia inayohitajika kwa kila njia:

```
=AVERAGE(B2:F2)
=MEDIAN(B2:F2)
=(70-0.4*G2)/0.6
=(70-0.4*H2)/0.6
```

MEDIAN inapanga yenyewe, huna haja ya kusumbuka. Jibu likizidi 100 maana yake hiyo 70 haifikiki tena.

Hatua ya 3: angalia seli tupu

Hapa ndo walimu wengi tunaumia, mimi mwenyewe nikiwemo. Ukiacha seli wazi au ukiandika ABS kwa mtu ambaye hakuleta kazi, hizo fomula mbili zinairuka kama haipo. Kijana wetu anabaki na maksi nne, wastani unaruka toka 58 mpaka 72.5 na mediani inasogea kidogo toka 70 mpaka 71. Yaani ghafla wastani umekuwa mkubwa kuliko mediani na mtu aliyekosa kazi anaonekana bora kuliko aliyeleta akapata 40! Dawa ni kuweka kolamu moja ya `=COUNT(B2:F2)`, ikionyesha chini ya 5 nenda kaangalie huyo mtu ni mgonjwa mwenye cheti, ambaye kweli inatakiwa abaki tupu, au ni mtoro wa kuwekewa 0.

Kitu kingine, kama asaimenti moja ni ya 20 na nyingine ya 50, zigeuze zote ziwe asilimia kabla ya mediani, la sivyo 18 kati ya 20 itaonekana ndogo kuliko 25 kati ya 50.

Hatua ya 4: kama bado kuna asaimenti haijafanyika

Hii ndo sehemu mediani inatofautiana kabisa na wastani. Chukua mwanafunzi mwingine mwenye 55, 60, 72, 88 na imebaki moja. Kwa wastani kila maksi atakayopata inaongeza kitu, akipata 0 anaishia 55, akipata 100 anaishia 75. Kwa mediani hawezi kutoka nje ya 60 na 72 hata afanyeje. Akipata chini ya 60, katikati ni 60. Akipata zaidi ya 72, katikati ni 72. Akiwa ndani ya hapo, maksi yake yenyewe ndo inakuwa mediani.

Kwa hiyo akitaka asaimenti zimpe 70, kwa wastani anahitaji 75 kwenye hiyo ya mwisho na kwa mediani 70 inatosha. Akitaka 75, kwa wastani lazima apate 100, kwa mediani haiwezekani, asijichoshe, nguvu apeleke kwenye mtihani.

Njia ya kichwani: asaimenti zikiwa 5, hesabu ngapi zimefika lengo lako, unahitaji 3. Zikiwa 7 unahitaji 4. Zikiwa 6 hakuna moja ya katikati, unachukua ya tatu na ya nne unazijumlisha unagawa kwa mbili, hapo 76 na 64 zinakupa 70 pia.

Kabla hujashangilia

Mediani haipendelei kila mtu. Mwenye 52, 54, 55, 90, 94, yaani aliyeanza vibaya akakaza mwishoni, wastani wake ni 69 na mediani 55. Kwa wastani anahitaji karibu asilimia 71 kwenye mtihani, kwa mediani 80. Zile 90 na 94 alizokesha nazo hazijamsaidia chochote zaidi ya kuwa "mbili zilizo juu". Huyu akija ofisini kununa ana haki.

Na wanafunzi si wajinga. Asaimenti zikiwa 3 tu, mwenye 80 mbili mkononi anajua ya tatu asipoleta bado mediani ni 80, na kwangu walivyoligundua hilo kazi za mwisho ziliingia chache hadi nikadhani mtandao umekatika. Siku hizi situmii mediani chini ya asaimenti 5, na nimeandika kwenye mpango wa somo toka wiki ya kwanza kwamba ukikosa kuleta hata moja bila cheti, unahesabiwa kwa wastani. Yule kijana wa 78 na 70, kwa sheria hiyo mpya, angerudi kwenye 78.