Mtandao mpya wa kikazi: subiri, lakini usilale

Ukianza kujuana na watu wapya kikazi, usitegemee kazi ya kwanza kupitia kwao kabla ya miezi 6 hivi. Hata 12 si ajabu. Anayekupendekeza kwa mteja wake anaweka jina lake rehani, kwa hiyo atakupima kwanza kwa mambo madogo. Kipindi hicho usihesabu kazi, hesabu dalili: nani anajibu, nani anauliza bei, nani amekuunganisha na mtu. Kila baada ya wiki 6, mtumie kila mmoja kitu kinachomfaa yeye, si salamu tupu.

Miezi 4 ikipita bila hata mmoja kukuunganisha na mtu, mara nyingi kasoro iko kwenye jinsi unavyoeleza kazi yako. Ukisema "mimi ni mhasibu", hakuna mtu anayemjia msikilizaji akilini. Sema "nanyoosha hesabu za maduka yenye malimbikizo ya kodi", na msikilizaji atamkumbuka mtu fulani papo hapo.