Somo: Kumkabidhi mwenzako uchunguzi wa programu inayokufa mara mojamoja

Nimelijibu hili mara nyingi mno, sasa nalibandika hapa. Mfano wetu: huduma ya kutoa risiti kwenye seva ya Linux imekufa mara 6 ndani ya siku 18, na hakuna aliyeweza kuiangusha kwa makusudi.

1. Andika toleo la programu, jina la seva na saa ya kila tukio.

2. Andika exit code, yaani namba ambayo programu iliacha ilipokufa. Hapa ni 139, yaani 128 kujumlisha ishara ya 11: imegusa kumbukumbu isiyo yake. Ingekuwa 137, imeuawa kutoka nje, mara nyingi na kerneli RAM inapoisha.

3. Nakili core, yaani nakala ya kumbukumbu ya programu ilipokufa, leo hii, pamoja na faili lilelile la programu iliyokufa. systemd hufuta core za zamani yenyewe, na ukisoma core kwa programu iliyojengwa upya, gdb itakutajia mistari isiyohusika.

```
coredumpctl list    # tafuta PID ya tukio; hapa ni 4127
coredumpctl dump 4127 -o core.4127
```

4. Hapa ndipo wengi huharibu. Tenga ulichoona na unachoshuku. "Core 4 kati ya 6 zinaishia kwenye kufunga muunganisho" umeiona. "Thredi moja inaachia kumbukumbu ambayo nyingine bado inaitumia" unaishuku tu. Halafu usithubutu kuandika "nimepunguza thredi kutoka 8 hadi 1, tatizo limeisha" baada ya siku 3 za ukimya. Kitu kinachokufa kwa wastani kila siku 3 kina nafasi ya karibu 37% ya kupitisha siku 3 kimya bila wewe kugusa chochote. Kwenye siku 9 nafasi hiyo hushuka hadi 5% hivi. Andika: "Thredi 1, siku 3, haijafa, haijathibitika." Ukiandika "limeisha", mwenzako atafunga faili.

5. Acha hatua moja inayofuata, na useme kila jibu litamaanisha nini. Kwetu: jenga kwa `-fsanitize=address` kwenye seva ya majaribio, thredi 8. Ikitoka `heap-use-after-free`, ripoti itaonyesha nani aliachia na nani akagusa baadaye. Isipotoka, shuku bado ipo hai.

Swali: Mkuu, na yangu inakufa. Nifanyeje?
Jibu: Namba gani? Hatua ya 2 umeiruka.

Swali: Hizo siku 9 zinatoka wapi?
Jibu: Swali zuri. Wastani mara tatu. Ila hesabu hiyo inadai vifo vije ovyoovyo. Kama inakufa Ijumaa tu, foleni ikiwa kubwa, hesabu Ijumaa, usihesabu siku.

Swali: Logi inasema Jumatatu 23:10, mteja anasema saa nane usiku, Jumanne. Nani mwongo?
Jibu: Hakuna. Logi ni UTC, ongeza saa 3: ni usiku wa kuamkia Jumanne. Kwenye maandishi weka "02:10 EAT" na tarehe, "saa nane" mwachie mteja.