Jinsi ya kuthibitisha desturi ya mataifa mahakamani Mombasa: mfano wa kesi ya uharamia

Januari 2006, wanamaji wa Marekani waliwakamata Wasomali 10 walioteka jahazi la Kihindi, Safina Al Bisarat, kwenye bahari kuu. Walikabidhiwa Kenya, na mahakama ya Mombasa ikawafunga miaka 7 kila mmoja. Jahazi halikuwa la Kenya, wala washtakiwa hawakuwa Wakenya. Basi mamlaka ya kuwahukumu yalitoka wapi?

Hatua ya kwanza, soma mkataba. Kenya iliridhia Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 mwaka 1989, lakini Marekani haijajiunga nao hadi leo. Isitoshe, ibara ya 105 inataja mahakama za nchi iliyokamata, haisemi lolote kuhusu nchi iliyopokea washukiwa. Mkataba unakuacha njiani, na hapo ndipo inapohitajika desturi, yaani mwenendo ambao nchi huufuata kama sheria hata bila mkataba.

Hatua ya pili, andika kanuni unayodai kwa sentensi moja: nchi yoyote inaruhusiwa kumshtaki haramia wa bahari kuu, hata kama kosa halikuigusa. Ukiandika kwa upana zaidi, utadaiwa ushahidi usionao.

Hatua ya tatu, kusanya mwenendo wa nchi: sheria zao za uharamia, hukumu, mapatano ya kukabidhiana washukiwa kama yale ya Kenya na Umoja wa Ulaya ya 2009. Tenga wanachama wa mkataba na wasio wanachama. Wengi huteleza hapa. Mwaka 1969, Denmaki na Uholanzi ziliorodhesha mipaka ya bahari iliyochorwa kwa umbali sawa ili kuibana Ujerumani Magharibi, ambayo haikuwa imeridhia mkataba wa 1958 wenye kanuni hiyo ya umbali sawa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikataa: zaidi ya nusu ya nchi hizo zilikuwa wanachama au zilikaribia kujiunga, kwa hiyo pengine zilikuwa zikitekeleza mkataba tu.

Hatua ya nne, onyesha kwamba nchi zilitenda hivyo zikiamini sheria inazipa haki au wajibu huo. Tafuta barua za kidiplomasia, hotuba za Umoja wa Mataifa na hoja za mawakili wa serikali. Usikimbilie azimio 1816 la Baraza la Usalama la 2008, lililoruhusu kuwaandama maharamia ndani ya maji ya Somalia. Lenyewe linatamka kuwa lisichukuliwe kama linajenga desturi.

Hatua ya tano ni Katiba ya 2010. Mkataba ulioridhiwa unaingia kupitia ibara ya 2(6). Desturi inaingia kupitia 2(5). Taja zote mbili. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua, katika shauri la Hashi na wenzake, kwamba mahakama za Kenya hazina uwezo juu ya matendo ya nje ya maji ya Kenya. Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo 2012, ikishikilia kuwa uharamia unaweza kushtakiwa na nchi yoyote.

Hati ya mashtaka nayo itaje latitudo na longitudo. Tukio likiwa ndani ya maili 12 za baharini za nchi fulani, si uharamia tena kwa sheria ya kimataifa, na hoja yote hii inaanguka.