SOMO: Kukadiria umri wa uwanda wa Mwezi kwa kuhesabu kreta

Naliandika mara moja ili kila anayeuliza nimwelekeze hapa. Swali ni lile lile: mtu aliyekaa Mbeya na kompyuta yake anajuaje kuwa uwanda fulani wa Mwezi una miaka bilioni 3? Anahesabu kreta, yaani mashimo yaliyochimbwa na mawe ya angani. Uso uliokaa wazi muda mrefu umepigwa mara nyingi. Lava ikimwagika hufukia mashimo ya zamani, na hesabu huanza upya. Kwa hiyo unachopima ni muda tangu lava hiyo igande, si umri wa Mwezi wenyewe.

1. Fungua LROC QuickMap, ramani ya picha za Mwezi iliyoko mtandaoni, na uchague picha zenye jua la pembeni, vivuli vionekane.

2. Chora mpaka ndani ya mmwagiko mmoja wa lava. Mfano wetu ni mraba wa kilomita 100 kwa 100, yaani kilomita za mraba 10,000.

3. Pima kila kreta ukingo hadi ukingo na uweke alama zile za kilomita 1 kwenda juu. Iliyokaa mpakani ihesabiwe kama kitovu chake kiko ndani.

4. Ondoa zisizohusika. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi nzima. Jiwe kubwa likigonga Mwezi hurusha mapande ya mwamba, na mapande hayo yakianguka huchimba mashimo yao. Pigo moja linaweza kukuachia mashimo mengi, nawe ukayahesabu kama mapigo yaliyokuja kila moja kwa wakati wake. Yatambue hivi: yamejipanga mstari kama shanga au yamekaa kishada, ni mafupi kwa kina, mengine yamerefuka kama yai, na mstari wake ukiufuata nyuma unakufikisha kwenye kreta kubwa. Ukiona kishada, zungushia sehemu nzima, itoe, na eneo lake ulitoe pia kwenye kilomita za mraba. Wengi hutoa mashimo wakasahau eneo. Toa vilevile pete ambazo lava imezifunika na kubakisha ukingo tu, maana zilikuwepo kabla ya lava hiyo.

5. Gawa idadi kwa eneo upate N1, kisha tafuta T (mabilioni ya miaka) kwenye kanuni hii:

```
N1 = 5.44e-14*(exp(6.93*T) - 1) + 8.38e-4*T
```

Tuseme zimebaki kreta 10 na vishada vilikuwa vidogo, eneo halijapungua sana. 10 kwa 10,000 ni 0.001, na T inatoka karibu 1.2. Shaka ya hesabu kama hii hukadiriwa kwa kipeuo cha pili cha idadi. Cha 10 ni kama 3, kwa hiyo idadi ni kati ya 7 na 13, na umri ni kati ya bilioni 0.8 na 1.6. Uandike hivyo, pamoja na mpaka wake. Kama ungeacha 8 za kishada ndani, zingekuwa 18 na umri ungeruka hadi bilioni 2.1.

MASWALI

Kijana wa Mafinga: Kanuni yako ina kosa. Eneo hilo hilo, nimepata kreta 400, umri bilioni 3.9!

Mwandishi: Umeanzia kipenyo gani?

Kijana wa Mafinga: Zote ninazoziona.

Mwandishi: Soma hatua ya 3. N1 ni za kilomita 1 kwenda juu tu. Kanuni haina kosa.

Dada wa Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Hizo namba za kanuni zimetoka wapi? Na ile exp ni ya nini?

Mwandishi: Marahaba dada, hilo ndilo swali lenyewe. Safari za Apollo, 1969 hadi 1972, zilileta mawe, na maabara zikapima umri wake kwa elementi zinazooza kwa mionzi. Kisha zikahesabiwa kreta za pale yalipookotwa. Lava ya Apollo 12, kwa mfano, ina kama miaka bilioni 3.2. Ukiweka umri upande mmoja na idadi upande mwingine unapata mchirizi. Kuanzia bilioni 3 kuja huku ni karibu mstari ulionyooka: kama kreta 8 kila miaka bilioni kwenye mraba wetu. Ukirudi nyuma zaidi mapigo yalikuwa mengi mno, na exp ndiyo inayobeba sehemu hiyo. Katikati palikuwa na pengo kubwa bila mawe, mpaka safari ya China ya Chang'e 5 ilipoleta lava ya miaka bilioni 2 mwishoni mwa 2020.

Mzee wa Vwawa: Kamwene. Mbona kimondo chetu cha Mbozi hakina kreta? Na Ziwa Ngozi je?

Mwandishi: Kamwene mzee. Ngozi ni kasoko ya volkano, halihusiani na mapigo. Kimondo cha Mbozi kina uzito wa kama tani 16 tu, na hewa hupunguza sana mwendo wa jiwe la ukubwa huo. Hata shimo lingekuwepo, mvua na udongo vingelifuta. Mwezi hauna hewa wala mvua, ndiyo maana hesabu inafaa kule.

Mwanachuo Iringa: Mimi kreta zote naziona kama vichuguu!

Mwandishi: Geuza picha mwanga utokee juu. Jicho limezoea jua la juu. Mwanga ukitokea chini, shimo linaonekana kilima.

Dada wa Tukuyu: Nimegeuza, zimezama zote. Na Mirihi nitumie kanuni hiyo hiyo?

Mwandishi: Hapana. Mirihi iko karibu zaidi na ukanda wa asteroidi, inapigwa zaidi. Wataalamu hukokotoa uwiano wake na Mwezi, kwa hiyo umri wa kule una shaka kubwa kuliko huu.